Karatasi ya nyumba ya kupanga: simu 11 zilizonifanya niipange upya

Shangazi yangu ana nyumba ya vyumba viwili vya kulala, mpangaji wake alihama, akaniambia mwanangu wewe ndio unajua kompyuta nitengenezee karatasi ya tangazo nibandike kwenye mbao za matangazo. Nikasema hiyo kazi ya nusu saa tu. Nikafungua Word, nikaandika juu NYUMBA NZURI YA KISASA INAPANGISHWA, chini nikaweka picha nne za ukubwa mmoja, mbili juu mbili chini, halafu maelezo ya aya moja ndefu, mwisho namba ya simu ya shangazi kwa maandishi yale yale ya aya. Kwenye kodi nikaandika maelewano. Tukatoa kopi, tukabandika kwenye mbao tatu.

Shangazi ana tabia moja nzuri, kila simu anayopigiwa anaandika kwenye daftari. Wiki mbili zikapita, akaniita akanionyesha. Simu 11. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuiona nyumba. Tukakaa nikaanza kusoma kila alichoandika na hapo ndipo nilipoanza kujifunza hii kazi, maana lile daftari lilikuwa linanionyesha mashimo ya karatasi yangu moja baada ya jingine. Watu wanane kati ya hao 11 swali la kwanza ni kodi bei gani, wakishatajiwa wanasema sawa nitarudi, ndio basi. Watano waliuliza iko wapi. Wanne waliuliza mita ya umeme ni ya peke yake au ya kuchangia. Watatu waliuliza wewe ni mwenye nyumba au dalali. Na mmoja alipiga akauliza mnauza kiasi gani, yaani alidhani inauzwa! Huyu ndiye aliyenishtua zaidi kuliko wote, kwa sababu kwenye karatasi neno inapangishwa lilikuwepo.

Nikaenda kwenye ubao mmoja kuangalia mwenyewe. Nikasimama pale watu wanapopita, kama hatua tatu kutoka kwenye ubao, nikaitazama karatasi yangu kama mpita njia. Nilichokiona ni madoa manne ya kijivu na mstari wa maandishi juu ambao sikuweza kuusoma bila kusogea. Picha zilikuwa ndogo, zote sawa, jicho halijui lianzie wapi. Nikasogea karibu, nikakuta ile aya, na mtu aliyesimama kusoma ubao hasomi aya, anatafuta vitu vitatu vinne anavyovijua mwenyewe kichwani. Na namba ya simu ili uichukue lazima utoe simu yako uandike umesimama katikati ya watu wanapita.

Pale ndio nikaelewa kwamba karatasi ya ubaoni inasomwa mara tatu na kila mara kwa umbali wake. Kwanza kwa mbali, mtu anapita. Halafu kwa karibu, amesimama. Halafu ikiwa mkononi, ameshaondoka, yuko nyumbani na kipande cha karatasi mfukoni. Mimi nilitengeneza kitu cha kusomwa kwa umbali mmoja tu, ule wa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, na huyo mtu kwenye ubao hayupo.

Basi nikaanza upya, nikachukua rula na A4 tupu kabla hata ya kugusa kompyuta. A4 ni sentimita 21 kwa 29.7. Printa nyingi haziwezi kuchapa mpaka ukingoni kabisa, kwa hiyo nikaacha pambizo ya sentimita 1.5 kila upande, nikabakiwa na upana wa 18 na urefu wa 26.7. Hiyo ndiyo ardhi yangu yote, na nikaigawa kwa penseli: kichwa sentimita 4 na kidogo, picha kubwa 8.5, sehemu ya maelezo 9, na chini vikaratasi vya kuchana vyenye namba ya simu, 4.5. Ukijumlisha inafika kama 26 na ushee, imejaa. Na kujaa huko kulinisaidia sana kwa sababu kila nilipotaka kuongeza kitu ilibidi nijiulize natoa nini.

Kichwa sasa. Wachora mabango wana kipimo chao cha zamani, herufi kubwa yenye urefu wa sentimita 2.5 inasomeka vizuri kwa mtu aliye mita 3, ukisogea mbali zaidi ongeza kwa uwiano huo huo. Inaonekana hata ikiwa ndogo kuliko hapo, lakini hapo ndipo inasomeka bila kujitahidi. Sasa ukichukua upana wa sentimita 18 ukataka herufi kubwa hivyo, herufi zinazoingia mstari mmoja ni kama saba tu. Ndio maana kichwa changu cha kwanza kilishindwa, maneno matano, ili yaingie mstari mmoja Word ilibidi niishushe fonti mpaka 22 hivi. Maneno nzuri na kisasa yalikuwa yanakula nafasi na hayamwambii mtu kitu chochote, kila anayepangisha anasema yake ni nzuri.

Nikaacha neno moja, NYUMBA, fonti ya Arial nene saizi 80. Kwa saizi hiyo herufi kubwa inatoka na urefu wa sentimita 2 hivi, inasomeka vizuri kwa mita mbili na nusu, ambayo kwenye korido au mlangoni inatosha kabisa. Mstari wa pili saizi 24: Inapangishwa. Vyumba 2 vya kulala. Hilo neno inapangishwa nimeliweka peke yake na nukta yake makusudi, kwa sababu ya yule aliyedhani inauzwa. Kwenye karatasi ya kwanza lilikuwa neno la mwisho kwenye mstari mrefu, mtu anakamata nyumba nzuri halafu jicho linaruka kwenye picha.

Picha. Hapa nilipoteza siku mbili lakini sijutii. Picha za kwanza nilipiga jioni, taa zimewashwa, nimesimama mlangoni kila chumba. Taa inafanya kuta ziwe za njano, na ukisimama mlangoni unapata ukuta mmoja na nusu ya kitanda. Nikarudi asubuhi, mapazia yote wazi, taa zimezimwa, nikasimama kwenye kona ya sebule mgongo umegusa ukuta, simu nimeilaza na kuishika usawa wa kifua badala ya usawa wa macho. Ukiishika juu unapata sakafu nyingi na chumba kinaonekana kama kimeinama, usawa wa kifua mistari ya kuta na fremu za milango inasimama wima. Kuna ile lenzi ya 0.5 kwenye simu nyingi, inafanya chumba kionekane kikubwa, nikajaribu, kikaonekana kama ukumbi. Nikaifuta. Mtu akija akakuta chumba ni nusu ya alichokiona kwenye picha, anaanza kutilia shaka na yale mengine yote uliyoandika, hata ya kweli.

Ipi iwe kubwa? Shangazi alitaka ya nje, geti na ukuta mpya. Mimi nilitaka sebule, nikamwambia shangazi tuangalie daftari, kuna aliyeuliza geti? Hakuna. Lakini pia sebule peke yake haimwambii mtu kama ni nyumba nzima au ni chumba ndani ya nyumba ya watu. Kwa hiyo kubwa tuliweka ya nje kweli, ila niliipiga upya kutoka pembeni ili ionekane nyumba yote, mlango wa mbele na pande mbili, mtu aone kwa mara moja kwamba inajitegemea. Ndogo zikawa mbili, sebule na jiko. Picha ya choo nilikuwa nimeipiga, nikaiacha, kwa sababu kwenye karatasi yenye picha tatu kitu kama choo cha ndani kinaelezwa vizuri kwa maneno matatu kuliko kwa picha ya sentimita sita. Vyumba vya kulala navyo nikaviacha, chumba kitupu kwenye picha ndogo ni ukuta tu.

Kwenye picha ya nje kulikuwa na namba ya nyumba imeandikwa juu ya mlango, nikaikata isionekane. Karatasi inamwambia kila anayepita kwamba nyumba hii haina mtu, sio lazima imwambie na mlango ni upi. Eneo nikaandika kwa alama inayojulikana na dakika za kutembea kutoka hapo, sio namba ya kiwanja. Dakika nilizitembea mwenyewe kwa mwendo wa kawaida, zikawa tisa. Shangazi alikuwa anasema tano.

Kuhusu ubora wa picha nilifanya kosa ambalo naona watu wengi wanalifanya. Picha nilijitumia kwa WhatsApp kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta, nikaiweka, kwenye skrini safi kabisa. Lakini WhatsApp ukituma kama picha ya kawaida inaipunguza, na mimi sikuidownload kwanza, nilikopi ile ndogo ya kwenye chati. Ilipochapwa kwa upana wa sentimita 18 ikatoka na ukungu, majani ya mti yamekuwa kama sabuni. Hesabu yake ni nyepesi, ili picha itoke safi kabisa printa inataka pikseli 300 kwa kila inchi, sentimita 18 ni inchi 7 na kidogo, kwa hiyo upana wa picha uwe kama pikseli 2,100. Hata 1,100 kwa karatasi ya ubaoni inakubalika. Picha ya simu ya kisasa ina zaidi ya hapo ukiihamisha ilivyo, kwa waya, au ukiituma WhatsApp kama Document. Na Word nayo inapunguza picha ukisave, kuna sehemu ya kuizuia: File, Options, Advanced, chini ya Image Size and Quality unaweka tiki kwenye Do not compress images in file.

Halafu kuna jambo la rangi. Mimi nilipanga kwa rangi, kopi zikatoka nyeusi na nyeupe kwa sababu ndiyo tuliyoweza kutoa nyingi. Kijana wa stesheneri aliniambia, dada hii sebule yako itatoka nyeusi tii, pazia ni jekundu la kukolea na fotokopi haijui nyekundu, inajua kiza na mwanga. Kweli, ikatoka na kipande cheusi ambacho hata dirisha halionekani. Tangu siku hiyo kabla sijachapa naigeuza picha kuwa ya kijivu pale pale kwenye Word, Picture Format halafu Color halafu Grayscale, nione itakavyokuwa, kisha kwenye Corrections naongeza mwanga asilimia 20. Kwenye skrini inaonekana imepauka kidogo, kwenye karatasi inatoka sawa. Na kopi usitoe kutoka kwenye kopi, kila kizazi picha inazidi kukauka, inabaki nyeusi na nyeupe bila kijivu katikati. Nilimwambia achape zote 12 moja kwa moja kutoka kwenye faili. Pia nilimuuliza printa ni ya leza au ya wino wa maji, kwa sababu ubao mmoja uko nje na wino wa maji ukiguswa na tone unatiririka, namba ya simu inakuwa ya kwanza kupotea.

Sasa sehemu ya maelezo, ile ya mtu aliyesimama karibu. Nilitengeneza jedwali lisilo na mistari, kushoto maneno upana wa 11.5, kulia picha mbili ndogo zimepandana, kila moja sentimita 6 kwa 4.5. Nilianza bila jedwali, nikawa naburuta picha kwa mausi, ukiongeza neno moja picha inaruka kwenda juu ya maandishi, ukiirudisha nyingine inaruka. Ukiiweka picha ndani ya jedwali kwa In Line with Text inatulia, haiondoki.

Kushoto, mstari wa kwanza kabisa ni kodi, saizi 32. Hapa tulibishana. Shangazi alikuwa na hoja yake na sio ya kubeza, alisema nikiandika bei nimejifunga, mtu mwingine angekubali zaidi, na mwingine ataniona ghali asipige hata simu. Nikamwambia shangazi huyo atakayeona ghali ndiye aliyekupigia mara nane kwenye daftari hili, amekumalizia muda na hakuja. Akanyamaza akasema basi andika. Tukaandika kiasi chote kwa tarakimu na koma za maelfu, na pembeni yake kwa mwezi, maana hesabu bila kipindi mtu anaweza kuisoma vingine. Chini yake kwa maandishi madogo zaidi, saizi 16: inalipwa kwa miezi mingapi kwa pamoja, amana ni kiasi gani na inarudishwa lini. Hii ya amana shangazi hakuwahi kuifikiria mpaka tulipoiandika, ikabidi aamue. Nimeona faida ya kuandika karatasi kabla ya kupokea simu ni hiyo, inakulazimisha uamue mambo ukiwa umetulia, sio ukiwa kwenye simu na mtu anayebembeleza.

Sifa za nyumba niliziandika kwa mpangilio wa daftari, kinachoulizwa zaidi kikawa juu. Tukaishia na hivi:

Dakika 9 kwa miguu kutoka stendi
Mita ya umeme ya peke yake
Maji ya bomba na tanki la akiba
Choo na bafu ndani
Sebule, jiko, vyumba 2 (kimoja masta)
Nafasi ya gari 1
Iko tayari kuanzia tarehe 1

Kila mstari kitu kimoja, saizi 16, hakuna sentensi. Angalia hakuna maneno kama kubwa, nzuri au tulivu. Awali niliandika maji ya uhakika, shangazi mwenyewe akasema usiandike hivyo, maji hukatika, ndio maana tuliweka tanki. Tukaandika tanki. Mtu akisoma tanki la akiba anaelewa kwamba maji hukatika na kwamba kuna kinga, ameambiwa yote mawili kwa ukweli. Na tarehe ya kuanza kuhamia ilimaliza simu nyingi sana, wapo wanaotafuta ya leo na wapo wanaotafuta ya mwezi ujao.

Mwisho wa safu hiyo ya kushoto, namba ya simu saizi 24, na juu yake maneno Mwenye nyumba mwenyewe, piga saa 2 asubuhi hadi saa 1 usiku. Namba nimeitenga kwa mafungu, tarakimu nne za mwanzo kisha tatu tatu. Ukiiandika mfululizo tarakimu kumi mtu anapotea katikati, anarudia mbili au anaruka moja, hasa kama kuna sifuri mbili zimefuatana. Hii namba kubwa lazima iwepo hata kama una vikaratasi vya kuchana, kwa sababu vikaratasi vitaisha na karatasi itabaki ubaoni ikiwa bubu.

Vikaratasi vyenyewe nilivipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye karatasi hii. Chini kabisa jedwali lingine, safu moja yenye vyumba 9, kila kimoja upana wa sentimita 2, kwa jumla ndio 18 zetu. Maandishi unayageuza yasimame wima kwa Text Direction kwenye menyu ya Layout ya jedwali, na urefu wa safu unaufunga kwa Exactly sentimita 4.5 ili usijivute. Ukijumlisha na pambizo ya chini ambayo nayo inakatwa, kila kikaratasi kinatoka na urefu wa sentimita 6, kinakaa vizuri kwenye pochi. Nilijaribu vyumba 14 nikitaka viwe vingi, vikawa na upana wa sentimita 1.3, vinajikunja, vinachanika katikati ya namba.

Kosa la mara ya kwanza kwenye vikaratasi lilikuwa kuandika namba peke yake. Siku tatu baada ya kubandika toleo hilo mtu akampigia shangazi anasema mama habari, nina namba yako hapa sikumbuki ni ya nini. Alikuwa amechana karatasi mbili tatu za nyumba tofauti, na fundi mmoja humo humo. Sasa kila kikaratasi kina mistari miwili, wa kwanza Nyumba vyumba 2, na kodi, kwa saizi 10, wa pili namba saizi 14. Mtu akiitoa mfukoni jioni anaikumbuka nyumba, anaweza hata kumpa mwenzake ambaye hajawahi kuuona ubao.

Na jambo jingine lililoniuma, nilipoandika upya namba kwenye kile chumba cha kwanza nilikosea tarakimu moja, halafu nikakopi kwenye vyumba vyote tisa. Namba kubwa ilikuwa sahihi, vikaratasi vyote vibovu. Tuligundua baada ya siku mbili kwa sababu vikaratasi vinne vilikuwa vimechanwa na simu haijaita hata mara moja. Ile ni dalili ya wazi, vinachanwa na hakuna anayepiga, basi namba ina shida. Tangu hapo karatasi ikitoka kwenye printa nachukua simu napiga namba nikisoma kutoka kwenye karatasi yenyewe, sio kutoka kichwani, napiga ya juu na napiga ya chini.

Word ilinisumbua kidogo hapo mwisho, jedwali likiwa la mwisho kwenye ukurasa yenyewe huweka mstari mtupu baada yake na huo mstari ukasukumwa ukurasa wa pili, kila kopi ikawa inatoka na karatasi nyeupe moja. Huo mstari haufutiki. Unauchagua unaupa saizi 1 na unaondoa nafasi ya juu na chini, unarudi ukurasa wa kwanza. Kisha nikahifadhi kwa PDF ndipo nikapeleka stesheneri, maana faili la Word kwenye kompyuta nyingine lisipokuta fonti ile ile linaweka nyingine na kila kitu kinasogea.

Kukata unakata kabla ya kubandika, kwa mkasi, kutoka ukingo wa chini mpaka milimita chache kabla ya mstari wa juu wa kikaratasi, usifike mwisho kabisa la sivyo upepo unavichukua. Kile cha kwanza nilikichana mwenyewe, watu wanasita kuwa wa kwanza kuchana karatasi ya mtu. Pini za chini usizipige kwenye kona za chini, utakuwa umevifunga vikaratasi viwili vya pembeni, zipige juu ya mstari wa vikaratasi. Urefu wa kubandika nilichagua usawa wa macho yangu, kama mita 1.5, hata mtu mfupi anavifikia vya chini.

Ule ubao wa nje ulihitaji karatasi yake. Mvua ikija lazima iwe ndani ya mfuko wa plastiki wa faili, mdomo wa mfuko ukiangalia chini ili maji yasiingie yakajaa humo, na kwenye mfuko vikaratasi havichaniki. Kwa hiyo hiyo ya nje nilitoa vikaratasi vyote, nafasi yao nikaijaza namba ya simu saizi 44, mtu aipige picha hata akiwa hatua mbili. Nilifikiria kuweka QR lakini shangazi hana ukurasa wowote mtandaoni wenye picha zaidi, ingempeleka mtu wapi? Ingekuwepo sehemu ya kwenda ningeiweka, isiwe chini ya sentimita 2.5 na nyeupe ya kutosha kuizunguka.

Karatasi hii mpya, baada ya kusahihisha makosa hayo yote, tuliibandika Jumatatu kwenye mbao zile zile tatu. Daftari la shangazi wiki ile lina simu sita tu, chini ya nilivyotarajia, ila wanne kati yao walikuja kuiona nyumba na hakuna aliyeuliza kodi. Maswali yakawa mengine kabisa, kama unaruhusu mbwa, kama ukuta unaweza kupakwa rangi nyingine. Hilo la mbwa liliulizwa mara mbili, nikaliandika, kwenye toleo lijalo lina mstari wake.

Familia iliyochukua ni ya mama mmoja aliyepewa kikaratasi na dada yake, yeye mwenyewe ubao hakuwahi kuuona. Siku waliyolipa nilizunguka mbao zote tatu kuzitoa karatasi, ukiziacha simu zinaendelea kuingia wiki nyingi na kila anayepiga anapoteza salio lake bure. Ile ya korido ilikuwa imebakiwa na vikaratasi viwili, nimeihifadhi kwenye daftari la shangazi, katikati ya ukurasa wa zile simu 11.